Thamani ya asidi ya mafuta ya kupikia kwa titresheni ya KOH: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yanahusu kipimo kimoja: kupima asidi iliyo huru katika mafuta ya mimea kwa hidroksidi ya potasiamu (KOH) ya 0.1 moli kwa lita, ethanoli ya moto na fenolfthalini. Mfano unaofuatwa hadi mwisho ni wa mafuta ya alizeti yaliyosafishwa, yakiwa mapya na baada ya kukaangia.

Thamani ya asidi ni nini hasa?

Ni idadi ya miligramu za KOH zinazohitajika kubatilisha asidi zote zilizo huru ndani ya gramu moja ya mafuta. Ukiambiwa mafuta yana thamani ya asidi ya 2, maana yake kila gramu ya mafuta hayo imehitaji miligramu 2 za KOH hadi asidi yake ikaisha.

Neno la kushika hapo ni "huru". Mafuta karibu yote yameundwa kwa asidi za mafuta, lakini katika mafuta mazuri asidi hizo zimefungwa tatu tatu kwenye gliseroli, na zikiwa zimefungwa hazina uchachu wowote. KOH ya baridi au ya vuguvugu, ikiongezwa tone kwa tone, inaziacha zilivyo na kushughulika na zile tu zilizokwisha kufunguka.

Watu wengi huchanganya kipimo hiki na thamani ya usabunishaji. Katika usabunishaji mafuta huchemshwa pamoja na KOH nyingi kupita kiasi hadi kila asidi, iliyofungwa na isiyofungwa, inageuka sabuni. Mafuta ya alizeti hutoa namba iliyo karibu na 190 katika kipimo hicho. Ukipata namba ya aina hiyo wakati unatafuta thamani ya asidi, umezidisha KOH kisha ukaichemsha.

Asidi hizo zinafungukaje?

Kwa maji. Molekuli ya maji ikikutana na kifungo kati ya gliseroli na asidi, yaweza kukivunja, na asidi moja ikatoka. Peke yake, jambo hili huenda polepole mno. Linaharakishwa na vitu viwili.

Cha kwanza ni vimeng'enya vya mmea wenyewe. Tunda la mchikichi likipondeka, kimeng'enya kilichokuwa kimetengwa na mafuta hukutana nayo, na asidi huru huanza kupanda ndani ya saa chache, kabla hata ya kukamuliwa. Ndiyo maana mafuta ghafi ya mawese huweza kuwa na thamani kubwa ya asidi siku ile ile yalipotengenezwa.

Cha pili ni joto la kukaangia pamoja na maji yanayotoka kwenye chakula. Kila povu linalopanda kwenye kikaangio ni mvuke wa maji unaopita katikati ya mafuta ya moto. Kadiri yanavyotumika, ndivyo vifungo vinavyovunjika.

Je, thamani ya asidi inapima kuchacha kwa mafuta?

Inapima upande mmoja wa kuchacha, na kosa kubwa katika kipimo hiki zima ni kudhani kwamba inapima pande zote. Mafuta huharibika kwa njia mbili zinazokwenda kila moja kivyake.

Njia ya kwanza ni ile ya maji iliyoelezwa hapo juu, nayo huzaa asidi huru. Thamani ya asidi huiona moja kwa moja. Njia ya pili ni ya hewa: oksijeni hushika zile asidi zenye vifungo viwili viwili, peroksidi hutokea, kisha peroksidi hizo hupasuka na kutoa vitu vidogo vyenye harufu kali, kama heksanali inayotokana na asidi ya linoleiki. Ile harufu ya rangi ya kupakia au ya karanga kuukuu inayomfanya mtu aweke chupa kando imetoka katika njia hii ya pili. Thamani ya asidi haiioni mwanzoni. Asidi fupi fupi, kama ya fomiki, huja kutokea mwishoni, mafuta yakiwa yameshaharibika vya kutosha pua kujua yenyewe.

Kwa hiyo aina ya mafuta ina uzito mkubwa. Katika mafuta ya nazi, asidi zinazofunguka ni fupi kiasi cha kuonjeka na kunusika, na ladha ya sabuni hujitokeza. Hapo thamani ya asidi na kuchacha hutembea pamoja. Katika alizeti asidi zinazofunguka ni ndefu na karibu hazina harufu, hivyo mafuta yaweza kuwa na asidi nyingi bila kunuka, au yakanuka vibaya yakiwa na asidi kidogo.

Tunaipenda thamani ya asidi kwa sababu ni rahisi, haihitaji mashine, na husema kweli kuhusu kile inachokipima. Lakini kwa mafuta yaliyokaa kwenye mwanga au chupa wazi, ipime pamoja na thamani ya peroksidi, la sivyo utayapitisha mafuta mabovu.

Nahitaji vifaa na kemikali gani?

Mizani inayosoma hadi 0.01 g kwa ajili ya mafuta, na nyingine inayosoma hadi 0.0001 g kwa ajili ya kupima ukolezi wa KOH. Bureti ya mililita 10 yenye alama za 0.02 ni bora kuliko ya mililita 50, kwa sababu mafuta yaliyosafishwa hutumia KOH kidogo sana. Iwe na koki ya plastiki ngumu. Koki ya kioo hunatana ikiachwa na alkali. Ongeza flaski koni za mililita 250, kikorogeo cha sumaku chenye sahani ya moto, ethanoli ya asilimia 95, na fenolfthalini, gramu 1 katika mililita 100 za ethanoli.

KOH ya 0.1 moli kwa lita hutengenezwa kwa takribani gramu 6.6 za chembe zake katika lita moja. Kwa hesabu ya vitabuni ingekuwa gramu 5.61, lakini chembe za KOH kwa kawaida ni asilimia 85 tu. Zilizobaki ni maji na kidogo ya kabonati. Iyeyushe katika ethanoli ikiwezekana, kwa sababu itachanganyika vizuri zaidi na mafuta. Ya maji pia inafaa kwa mafuta yenye asidi kidogo. Mafuta yakihitaji mililita nyingi, maji yanayoingia hutia ukungu kwenye flaski, tena huifanya sabuni iliyokwisha kutengenezwa iachie ualkali kidogo. Rangi ya waridi basi hutokea kabla ya wakati wake, nawe unasoma namba ndogo kuliko ilivyo.

Vaa miwani ya maabara. Tone la KOH kwenye jicho ni dharura: suuza kwa maji mengi mara moja, kisha nenda hospitali. Ethanoli isipashwe kamwe kwa moto wa wazi. Tumia sahani ya moto au beseni la maji moto.

Nitajuaje ukolezi halisi wa KOH yangu?

Usiuamini ule ulioandikwa kwenye chupa. KOH hunyonya kaboni dayoksaidi ya hewani na kudhoofika, na ile ya ethanoli hupanuka kwa joto: ethanoli huongezeka ujazo kwa karibu 0.1% kwa kila nyuzi moja ya selsiasi. Asubuhi ya baridi na mchana wa joto, tofauti ikiwa nyuzi 10, zinakupa ukolezi unaotofautiana kwa asilimia 1. Ipime siku unayoitumia.

Kipimio chake ni hidrojeni fthaleti ya potasiamu (KHP), chumvi yenye asidi, safi na kavu, ambayo moli moja yake ina gramu 204.22. Ikaushe kwa saa mbili katika nyuzi 110, iache ipoe kwenye chombo kikavu kilichofungwa, kisha pima kama gramu 0.4. Iyeyushe kwa mililita 50 za maji yaliyochemshwa na kupozwa. Haiyeyuki vizuri katika ethanoli, kwa hiyo usijaribu. Tia matone mawili ya fenolfthalini na uongeze KOH hadi waridi hafifu.

Katika mfano wetu KHP ilikuwa gramu 0.4012 na ilitumia mililita 20.00 za KOH (jaza tena bureti ndogo, au tumia ya mililita 25 kwa hatua hii):

```
c = 0.4012 × 1000 / (204.22 × 20.00) = 0.0982 mol/L
```

Ungetumia 0.1000 kwa mazoea, kila jibu lako lingekuwa juu kwa karibu asilimia 2. Fanya mara tatu, na majibu yasipishane zaidi ya 0.0003 hivi.

Hifadhi KOH katika chupa ya plastiki nene iliyofungwa vizuri. Ile ya ethanoli ikigeuka njano iliyokolea au kahawia, imwage na kutengeneza nyingine: ethanoli imeanza kuoksidika, na rangi hiyo itakuficha waridi unaoutafuta.

Kwa nini ethanoli ibatilishwe kabla ya kuwekwa kwenye mafuta?

Kwa sababu ethanoli yenyewe ina asidi kidogo, pamoja na kaboni dayoksaidi iliyoyeyuka ndani yake. Ukiiacha, KOH itazihesabu kama asidi za mafuta yako.

Tuseme mililita 100 za ethanoli zinahitaji mililita 0.30 za KOH kabla ya kugeuka waridi. Ni kitu kidogo kwa macho. Lakini mafuta mapya ya mfano wetu, gramu 20 nzima, yanahitaji mililita 0.75 tu. Bila kuibatilisha ethanoli ungesoma 1.05, na thamani ya asidi ingeonekana 0.29 badala ya 0.21. Umeongeza asilimia 40 kwa kosa la matone sita.

Mtu anayepata namba kubwa kwa mafuta mazuri, tena namba ile ile ya ziada kila mara, aanze kuchunguza hapa kabla ya kuchunguza mafuta.

Nipime gramu ngapi za mafuta?

Inategemea asidi unayoitarajia. Kiwango cha kimataifa ISO 660 kinaelekeza gramu 20 kwa mafuta yenye thamani chini ya 1, gramu 10 kwa yaliyo kati ya 1 na 4, na gramu 2.5 kwa yaliyo kati ya 4 na 15. Kusudi ni kwamba bureti itoe ujazo unaosomeka: usiwe wa matone matatu, wala usijaze flaski kwa KOH.

Kama hujui utegemee nini, anza na gramu 5, pata jibu la haraka, kisha rudia kwa uzito unaofaa.

Kabla ya kupima, geuza chupa juu chini mara kadhaa. Maji na machujo hukaa chini, na sampuli ya juu peke yake haiwakilishi chupa. Mafuta yaliyoganda yayeyushwe kwanza taratibu, kama nyuzi 10 juu ya joto yanapoyeyukia, kisha yachanganywe. Sehemu iliyoganda na ile ya maji maji hazina asidi sawa. Mafuta ya kikaangio yachujwe kwa karatasi ya kuchujia ili kuondoa makombo yaliyoungua.

Hatua zenyewe zinakwendaje?

1. Pima mafuta moja kwa moja ndani ya flaski koni ya mililita 250 na uandike uzito hadi 0.01 g.
2. Katika flaski ya pili weka mililita 100 za ethanoli na mililita 0.5 za fenolfthalini. Pasha hadi ianze kuchemka.
3. Ingali moto, juu ya nyuzi 70, ongeza KOH tone kwa tone hadi waridi hafifu ubaki. Ujazo huu hauandikwi. Baada ya hapo jaza bureti na uandike alama ya mwanzo.
4. Mimina ethanoli hiyo ya moto juu ya mafuta. Waridi utatoweka papo hapo, ishara kwamba asidi ya mafuta imeanza kuingia kwenye ethanoli.
5. Pasha tena hadi ianze kuchemka, kisha iondoe motoni na uweke kikorogeo kwa kasi.
6. Ongeza KOH huku ikikorogwa bila kusimama. Andika alama ya mwisho.

Hatua ya sita ndiyo yenye mtego. Mafuta hayayeyuki yote katika ethanoli. Hutapakaa kama vitone vidogo, na asidi hutoka ndani ya vitone hivyo kuingia kwenye ethanoli. Ukikoroga kivivu, ethanoli ya juu itaisha asidi na kugeuka waridi wakati mafuta ya chini bado yanayo. Zima kikorogeo kidogo uone: ikiwa tabaka la chini linatulia nene na safi kama asali, ulikuwa hukorogi vya kutosha.

Maabara nyingine hutumia mchanganyiko baridi wa ethanoli na etha, sawa kwa sawa, unaoyeyusha mafuta kabisa. Ni njia nzuri na mwisho wake husomeka vizuri zaidi, ila etha hushika moto kwa cheche ndogo tu na huunda peroksidi za hatari ikikaa sana. Bila chumba chenye kufyonza hewa, baki na ethanoli.

Nijuaje mahali pa kusimama? Rangi inakuja na kuondoka.

Weka karatasi nyeupe chini ya flaski na utazame mahali tone linapoangukia. Mwanzoni tone hutoa wingu dogo la waridi linalopotea kabla halijafika chini. Kadiri mwisho unavyokaribia, wingu hukawia, hutanda flaski nzima kwa sekunde moja, kisha linafifia. Hapo punguza hadi tone moja moja, halafu nusu tone: acha tone lining'inie kwenye ncha ya bureti, liguse ukuta wa flaski, lisuuze kwa ethanoli iliyobatilishwa.

Simama pale waridi hafifu unapodumu kwa sekunde 15 huku ukikoroga. Usisubiri udumu dakika tano, kwa sababu hautadumu. Kaboni dayoksaidi ya hewani huingia na kuufifisha, na katika ethanoli ya moto KOH iliyozidi huanza kuvunja vifungo vya mafuta yenyewe na kuliwa humo. Anayeongeza tone kila rangi inapofifia anaanza usabunishaji bila kujua, na namba yake itapanda kadiri anavyovumilia.

Waridi mkali kama ua ni dalili kwamba umepita. Usijaribu kukadiria ulipita kwa kiasi gani, rudia.

Hesabu inafanywaje?

Kwa fomula moja:

```
AV = 56.1 × V × c / m
```

AV ni thamani ya asidi, V ni mililita za KOH, c ni ukolezi wake kwa moli kwa lita, m ni gramu za mafuta, na 56.1 ni gramu za moli moja ya KOH.

Mafuta mapya ya alizeti: gramu 20.05 zilitumia mililita 0.75.

```
AV = 56.1 × 0.75 × 0.0982 / 20.05 = 0.21
```

Mafuta yale yale baada ya kukaangia mara kadhaa: gramu 10.02 zilitumia mililita 3.40.

```
AV = 56.1 × 3.40 × 0.0982 / 10.02 = 1.87
```

Asidi huru imeongezeka karibu mara tisa. Namba ya pili peke yake isingetuambia hivyo. Tumejua kwa sababu tulipima na ya kwanza. Kwa anayefuatilia mafuta ya kukaangia, kipimo cha siku ya kufungua chupa kina thamani kuliko vipimo vitatu vya baadaye visivyo na pa kulinganishia.

Andika jibu kwa desimali mbili. Tone moja la bureti ni karibu mililita 0.05, na katika mafuta mapya hapo juu tone hilo ni 0.014 ya thamani ya asidi. Desimali ya tatu haina msingi.

Baadhi ya ripoti hutoa asilimia ya asidi huru. Ni kitu kile kile?

Ni kipimo kile kile kilichoandikwa kwa njia nyingine. Asilimia hudhani kwamba asidi zote huru ni za aina moja, kwa kawaida ya oleiki, ambayo moli yake ina gramu 282. Gawanya thamani ya asidi kwa 1.99 upate asilimia ya oleiki: 1.87 inakuwa 0.94%.

Kwa mawese hutumika asidi ya palmitiki, na kigawanyo ni 2.19. Kwa nazi na mise hutumika ya lauriki, nacho ni 2.81. Ripoti isiyosema asilimia ni ya asidi gani haiwezi kulinganishwa na nyingine. Thamani ya asidi haina utata huo, nasi tunaipendelea kwa sababu hiyo.

Nina hidroksidi ya sodiamu tu. Naweza kuitumia?

Ndiyo. Moli moja ya NaOH hubatilisha asidi sawasawa na moli moja ya KOH. Pima ukolezi wake kwa KHP kama kawaida, na kwenye fomula acha 56.1 ilivyo, kwa sababu jibu linaelezwa kwa KOH hata kama haikutumika. Wanaoweka 40 badala ya 56.1 hupata jibu dogo kwa asilimia 29.

Mafuta yangu ni mekundu au meusi, sioni waridi. Nifanyeje?

Mawese yasiyosafishwa huwa na rangi ya chungwa inayomeza waridi wote. Mafuta ya kikaangio yaliyotumika sana nayo hufanya waridi uonekane kama kahawia. Jambo la kwanza ni kupunguza mafuta: kwa mawese asidi ni nyingi, gramu 2.5 zinatosha, na rangi hupungua pamoja nayo.

Isipotosha, badili kiashiria. Thimolfthalini hutoka bila rangi kwenda buluu, na buluu juu ya chungwa huonekana kama kijani. Alkali buluu 6B hutoka buluu kwenda nyekundu, na imekusudiwa mafuta meusi. Penye mita ya pH na elektrodi inayofaa vimiminika visivyo vya maji, titresheni hufuatwa kwa namba za mita na macho hayahitajiki kabisa.

Thamani ya asidi ikifika ngapi mafuta yamezidi?

Codex Alimentarius, katika kiwango cha mafuta ya mimea CXS 210-1999, inaweka kikomo cha 0.6 kwa mafuta yaliyosafishwa, 4.0 kwa yaliyokamuliwa bila kusafishwa, na 10.0 kwa mawese yasiyosafishwa. Vyote ni miligramu za KOH kwa gramu ya mafuta. Kwa thamani ya peroksidi, kikomo ni miliekwivalenti 10 za oksijeni amilifu kwa kilo kwa yaliyosafishwa, na 15 kwa yasiyosafishwa.

Vikomo hivyo ni vya mafuta yanayouzwa, havikuwekwa kwa ajili ya mafuta yaliyo kikaangioni. Ile 1.87 yetu imevuka 0.6 mara tatu, na ni sahihi kusema mafuta hayo hayawezi tena kuitwa mapya yaliyosafishwa. Kuhusu kukaangia zaidi, angalia na dalili nyingine: moshi unaotokea kwa joto dogo kuliko zamani (asidi huru hushusha joto la kuanza kutoa moshi), povu lisilotulia, na unene.

Nimepata thamani ndogo, lakini mafuta yananuka. Nani mkweli?

Vyote viwili. Asidi ni chache, na mafuta yamechacha kwa njia ya hewa. Pima thamani ya peroksidi, ukikumbuka kwamba peroksidi nazo hupanda kisha hushuka zinapopasuka, hivyo mafuta mabovu kabisa huweza kuonyesha peroksidi chache. Pua ikikataa, usiitetee chupa kwa namba moja.

Kuna na sababu nyingine ya thamani ndogo. Usafishaji wa kiwandani huondoa asidi huru, ama kwa alkali ama kwa mvuke wa joto kali. Mafuta yaliyotokana na mbegu mbovu huweza kutoka kiwandani yakiwa na 0.2. Thamani ya asidi husema hali ya mafuta tangu yaliposafishwa, na ya kabla ya hapo imefutwa.

Majibu yangu mawili hayalingani. Nianzie wapi?

Kwanza tazama tofauti yenyewe kwa matone. Kwa mafuta mapya, 0.20 na 0.22 ni tofauti ya tone moja na nusu, na huo ndio uwezo wa njia hii; ukitaka zaidi, tumia KOH ya 0.05 ili ujazo uongezeke maradufu. Tofauti ikizidi hapo, chunguza kama kuna kiputo cha hewa kwenye ncha ya bureti ambacho kilitoka katikati ya kazi, kwa maana kiputo hicho kilihesabiwa kama KOH. Kisha tazama kama flaski ya pili ilikuwa imepoa: ethanoli iliyo chini ya nyuzi 70 hutoa asidi kwenye vitone vya mafuta polepole, na jibu huwa dogo.

Kama majibu yanapanda moja baada ya jingine kwa sampuli ile ile mchana kutwa, KOH inadhoofika kwa sababu chupa imeachwa wazi. Ipime upya kwa KHP na urudie hesabu za siku nzima.